Pumzi ya Mama Mkwe

Nilipooa kwa Wagogo nilijifunza kutembea huku nimegeuza shingo. Kwa ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, hamsemeshi, na akimwona anakuja njiani huzunguka porini kama mtu aliyesahau kitu. Mimi ni mtoto wa mjini. Nilizaliwa Mpwapwa katika nyumba ya wachuuzi waliokuja na misafara, na kwetu mama mkwe unamwamkia, unakaribishwa, unapewa uji na unaulizwa maswali mpaka unajuta kwenda. Lakini nilimpenda binti wa watu, nikaamua kwamba kama ni adabu, basi nitaishika kuliko wenyewe. Ndivyo nilivyo: nikishika jambo nalishika mpaka linachosha watu. Tukienda kwao upande wa Mvumi, nilikuwa nikisikia tu kikohozi cha yule mama naruka nyuma ya zizi, ng'ombe wakanishangaa, shemeji zangu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kupata watoto wawili, na mama mkwe wangu nilimjua kwa mgongo, kwa sauti na kwa mwendo. Uso wake sikuujua.

Zama zile zilikuwa za Wajerumani. Reli ilikwisha kufika Dodoma na ilikuwa ikisogea kuelekea magharibi, na mji wote ulikuwa vumbi, nyundo na mabati mapya. Mimi nilikuwa msaidizi katika nyumba ya wagonjwa ya reli, vyumba vichache vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, na kibaraza mbele. Bwana daktari, Mdachi mrefu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, alinifundisha kufunga vidonda, kuchemsha vyombo na kupima mshipa wa mkono kwa kioo kidogo cha mchanga. Unageuza kioo, unashika mkono wa mgonjwa, unahesabu mpaka mchanga uishe. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kila neno lilisimama peke yake kama askari kwenye gwaride. Alikuwa mkali kwa uchafu na mpole kwa wagonjwa, nami nilimpenda, ingawa hilo sikulisema mbele ya watu.

Siku waliyomleta mama mkwe nilikuwa kibarazani nikikunja bandeji. Nikaona shemeji zangu wanakuja na mtu wamembeba kwenye kitanda cha ngozi, na mke wangu anawakimbilia. Mtu yule hakulala. Alikaa ameinama mbele, amekumbatia magoti yake, na shuka nyeusi amejitanda. Nikajua mgongo ule. Bandeji ikaniponyoka ikabiringika mpaka uani, nami nikaingia chumba cha dawa nikafunga mlango.

Bwana daktari akanifuata. "Kwa nini wewe umejificha? Wewe mgonjwa?"

"Hapana, bwana. Ni mkwe wangu."

"Mkwe wako ana ugonjwa wa kuambukiza?"

"Hapana, bwana. Ni adabu."

Bwana daktari akachukua tarumbeta yake ya mti, ile ya kusikilizia vifua, akaenda mwenyewe.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akitafsiri Kigogo, nami nikasimama nyuma ya mlango nikisikia yote. Mama alianza kwa homa na maumivu ya kifua, kisu kilichochoma alipovuta pumzi na alipolala chali, kikapungua alipoinama. Wiki ya kwanza walimwitia mganga wa kwao, akasikiliza kwa sikio akasema ndani ya kifua mna ngozi mbichi inasuguana. Mganga alisikia sawasawa. Bwana daktari aliniambia baadaye kwamba moyo umo ndani ya mfuko, na mfuko ukiwasha kwa ugonjwa, kuta zake hukwaruzana, na huo ndio mlio wenyewe. Kisha mlio ule ukatoweka na maumivu yakapungua. Nyumbani kwao wakafurahi, wakapika pombe. Lakini badala ya kupona, mama akaanza kuchoka akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, miguu ikawa baridi, akawa halali tena ila kwa kukaa.

Bwana daktari alipotoka, uso wake haukuwa na pombe wala furaha. Aliniita kibarazani tukaketi, akaanza kunifundisha kama kawaida yake, akichora kwa fimbo kwenye mchanga.

"Mlio umetoweka kwa sababu maji yameingia katikati. Kuta hazigusani tena. Watu wamefikiri amepona. Mimi nimegonga kifua chake, kimejaa upana mkubwa. Nimesikiliza moyo, unapiga mbali."

"Mbali vipi, bwana?"

Akafikiri. "Kama mwanamke anatwanga, lakini katika nyumba ya jirani."

Akaendelea kuchora. Moyo wa mama, alisema, haukukosa nguvu ya kukamua. Ulikosa nafasi ya kupokea. Mfuko ule hautanuki kama tumbo, ni mgumu, na maji yakishaujaza yanaubana moyo kila upande, ukafunguka kidogo tu, ukapata damu kidogo, ukatuma kidogo. Ndiyo maana mishipa ya shingo ilikuwa imevimba: damu imefika mlangoni, imesimama, haipati pa kuingia. Na ndiyo maana mkononi mshipa ulikuwa mwembamba na wa haraka. Alikuwa na mashine ya kupimia nguvu ya damu, mfuko wa mpira unaofungwa mkononi na bomba la zebaki, na zebaki ilikuwa imesimama chini kuliko kawaida, ingawa si chini sana.

"Sasa sikia jambo la kushangaza," akasema, na macho yake yakang'aa, maana alikuwa mtu wa kufurahia maarifa hata siku mbaya. "Anapovuta pumzi, mshipa wa mkono unadhoofika. Anapotoa, unarudi. Moyo unapiga wakati wote, lakini mkono haupati habari."

Nikamwomba anieleze kwa maneno ya nyumbani. Akachora tembe, nyumba ya Kigogo ya paa la udongo, na ndani akachora vyumba viwili na ukuta wa ngozi katikati. "Chumba cha kulia kinapokea damu kutoka mwilini. Cha kushoto kinapeleka damu mwilini. Ukivuta pumzi, wageni wengi wanaingia cha kulia. Siku zote ukuta wa nje unawapisha kidogo. Lakini sasa nje kumejaa maji, ukuta wa nje hausogei. Wageni wanasukuma wapi?"

"Wanasukuma ngozi ya katikati."

"Na walio chumba cha kushoto?"

"Wanabanwa."

"Wanabanwa. Ndiyo maana mkono unakosa."

Nilikuwa nikilala mimi na ndugu yangu chini ya ngozi moja ndogo utotoni, najua mmoja akijigeuza mwenzake anapata baridi. Nikaelewa kabisa.

Tatizo lilikuwa kwamba bwana daktari alikuwa anatakiwa kambi ya Bahi, mbele huko kwenye reli, ambako kuhara damu kulikuwa kunaangusha wafanyakazi. Alimchukua na msaidizi mwenzangu. Hakutaka kutia sindano kifuani mwa mama kabla ya haja, kwa sababu sindano ile inapita karibu na moyo wenyewe, na maji mengine hukauka bila kuguswa. Kwa hiyo akaniachia maagizo. Mama asilazwe chali. Anywe maji na uji kwa wingi. Asiharishwe, asiumikwe pembe, asitolewe damu hata tone, maana moyo uliobanwa unahitaji kila tone lipatikanalo. Nami nimpime mshipa asubuhi, mchana na jioni. "Ukipotea kabisa anapovuta pumzi, nenda kwa karani wa simu. Nitakuja siku hiyo hiyo. Usiponiita kwa wakati, atakufa. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Kisha nikakumbuka nitampima nani.

Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama aletwe. Tulikata shauri hivi: tukafunga kamba chumbani, tukatundika blanketi. Mama akakaa upande wa pili kwenye kigoda, akiegemea furushi la magunia, mke wangu kando yake. Mimi nikachuchumaa upande wa huku, nimegeuza shingo vilevile, maana hata blanketi sikuliamini. Mkono ukapitishwa chini ya blanketi. Hata huo mkono ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa, ukaachwa wazi mahali pa vidole vitatu tu. Nilikuwa kama mtu anayekamua ng'ombe wa jirani kupitia ua.

Nikageuza kioo, nikashika. Mshipa ulikuwa mwembamba, wa mbio, lakini ulipiga sawasawa, moja baada ya lingine, haukupungua wala kupotea. Mchanga ukaisha, nikaachia. Nyuma ya blanketi nikasikia mama akishusha pumzi kubwa, kisha akihema. Nikadhani amefurahi mimi kumwachia, na sikumlaumu, hata mimi nilikuwa natoka jasho.

"Unapiga vizuri," nikamwambia mke wangu. "Haupotei. Mwambie mama maji yanakauka."

Mama akasema kitu kwa Kigogo, mke wangu akacheka. "Anasema mkono wako ni wa moto kama chungu."

Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Kila nilipopima, mshipa haukuyumba. Nikajivuna, nikaenda jikoni kumtambia mpishi wa bwana daktari, mzee wa Kinyamwezi ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote la mtu mwingine. Nikamwambia mkwe wangu anapona bila hata sindano.

"Anapona?" akasema mpishi. "Leo nimempelekea uji. Midomo yake rangi ya majivu. Vidole baridi kama samaki. Kijiko kimoja, anapumzika. Huko ndiko kupona kwa siku hizi?"

Nikakasirika. Nina hasira za karibu, nakiri, na mpishi huyu alikuwa fundi wa kuzichokoza. Nikamwambia uji ni kazi yake na mishipa ni yangu. Lakini maneno yake yakanikaa. Nikaenda nikamwuliza mke wangu kibarazani: mama yukoje?

Akanitazama kwa macho mekundu. "Hawezi kumaliza sentensi. Nilifikiri unajua. Wewe ndiye unasema anapona."

"Mshipa unasema."

"Basi mshipa unasema uongo."

Nikaona hapo pana kitu. Mshipa nilioufahamu mimi hausemi uongo, na mke wangu naye hasemi uongo, isipokuwa kuhusu bei ya kanga. Nikamwambia: sasa hivi nitampima tena, wewe usinitazame mimi, mtazame mama tangu nimshike mpaka nimwachie, uniambie anafanya nini.

Tukaingia. Nikachuchumaa, nikageuza shingo, mkono ukaja. Nikageuza kioo. Mapigo yakaja sawasawa kama siku zote. Mchanga ukaisha, nikaachia, na nyuma ya blanketi mama akashusha pumzi na kuhema.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Hakufanya kitu," akajibu mke wangu. "Alikaa tu, ameziba mdomo kwa shuka. Hakupumua."

"Hakupumua?"

"Ulipokuwa umemshika. Hapumui kamwe ukimshika."

Nikamwuliza, "Kwa nini hapumui?"

Mke wangu alinishangaa kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Atakupumuliaje, na wewe ni mkwe? Mtu humpumulii mkwe. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilijua kugeuza shingo, nilijua kuruka nyuma ya zizi, hili la pumzi hakuna aliyenifundisha, kwa sababu sikuwahi kumsogelea mama kiasi cha kulihitaji. Mgonjwa wa watu, mwenye kifua kilichojaa maji, alikuwa anajinyima hewa mara tatu kwa siku kwa heshima yangu. Na pale pale alipojizuia ndipo ile dalili ilipojificha. Asipovuta pumzi, wageni hawaingii chumba cha kulia, ngozi ya katikati haisukumwi, mshipa haupotei. Nilikuwa nikipima adabu yake, si ugonjwa wake. Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua.

Nikamwambia mke wangu: mwambie mama apumue nikimshika. Akamwambia. Mama akakataa. Nikamsikia kwa masikio yangu, sauti imekuwa nyuzi, lakini kukataa ni kukataa. Alisema hajafika umri huu ili afe bila adabu.

Tukatoka kibarazani, nikasema basi, wewe mke wangu utashika mshipa. Nikamfundisha upesi kwenye mkono wangu, akapata. Akaenda kwa mama, akakaa, akakaa zaidi, akarudi ameng'aa. "Upo! Una nguvu kabisa!" Nikamwomba anionyeshe alivyoshika. Alikuwa ameshika kwa kidole gumba, na alichokisikia kilikuwa mshipa wake mwenyewe. Wa mama ulikuwa mwembamba mno kwa mkono usiozoea.

Ningeweza kupeleka simu Bahi kwa wasiwasi tu, lakini huko nako watu walikuwa wanakufa, na bwana daktari aliniachia swali moja linalohitaji jibu moja. Hapo mke wangu akasema polepole, "Kuna mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Kwetu mkwe akitaka haya iondoke kati yake na mama, hutoa mbuzi jike. Mama akimshika mbuzi sikio, akamnyunyizia mkwe maji kwa mdomo, basi. Wanaweza kusemezana. Wengi hungoja mpaka wazeeke."

"Kwa hiyo siku zote hizi ningeweza kutoa mbuzi?"

"Ulikuwa unafurahia sana kuruka," akasema. "Tukaona tukuache."

Mbuzi jike wa karibu alikuwa mmoja tu, amefungwa nyuma ya jiko, anasubiri kuwa mchuzi wa bwana daktari akirudi. Nilimfungua. Mpishi akatoka na mwiko. Nikamwambia ni dawa. Akasema hajaona dawa yenye pembe. Nikamwambia aje aone, na kwa sababu hakuna kitu alichopenda kama kuona mtu mwingine akikosea, akaja.

Hivyo ndivyo tulivyoingia katika chumba cha wagonjwa: mimi, mpishi na mwiko wake, na mbuzi aliyeanza mara moja kula blanketi. Wagonjwa wawili wa kambi waliokuwa chumba cha pili walijikokota mpaka mlangoni kutazama. Mke wangu akashusha blanketi. Mimi nikapiga magoti nikiwa nimeinamisha uso sakafuni, maana mwili ulikuwa bado haujapata habari kwamba sheria imebadilika. Mama akanyoosha mkono, akashika sikio la mbuzi. Mke wangu akamnywesha funda la maji. Akajaribu kunipulizia, hakuwa na pumzi. Akakohoa. Akajaribu tena. Yakafika matone machache, yakaniangukia mgongo wa mkono, na mengine yakampata mbuzi.

"Haya," akasema mama kwa Kiswahili, neno la kwanza alilowahi kunisemesha. "Shika."

Nikashika. Safari hii nilimtazama kifua kikipanda na kushuka. Pumzi ikaingia, na chini ya vidole vyangu mshipa ukazama, moja, mbili, hakuna. Kifua kilikuwa kinapanda, moyo najua ulikuwa unapiga huko ndani, na mkono umenyamaza kabisa. Pumzi ikatoka, mapigo yakarudi, membamba, yakihangaika. Pumzi ikaingia, yakatoweka tena. Shingoni mshipa ulikuwa umesimama mnene kama kamba. Ngozi yake ilikuwa baridi na ina jasho.

Niliinuka nikakimbia kwa karani wa simu bila kofia wala viatu. Karani akataka nieleze kwa ukamilifu. Nikamwambia andika: unapotea, njoo.

Bwana daktari alifika alasiri hiyo, amepanda gari la kokoto pamoja na makuli, masharubu yake yamekuwa meupe kwa vumbi. Hakuuliza habari. Alifunga mfuko wa mpira mkononi mwa mama, akaujaza upepo, akaniambia nishike mshipa na niseme. Akaachia upepo taratibu, zebaki ikashuka, ikashuka, ikapita mahali ambapo kwa mtu mwenye afya mkono ungekuwa umekwisha kuamka.

"Sasa!" nikasema. "Lakini ni anapotoa pumzi tu. Akivuta, haupo."

"Endelea."

Zebaki ikashuka tena, sehemu ya kutosha kabisa, ndipo mapigo yakaanza kuja wakati wote, akivuta na akitoa. Bwana daktari akatazama umbali kati ya alama hizo mbili, akatikisa kichwa. "Umbali mkubwa mno. Chemsha sindano."

Nilichemsha. Mama aliegemezwa akiwa amekaa nusu, mke wangu nyuma yake akimshikilia mabega na kumnong'oneza. Bwana daktari akapaka dawa ya kahawia, akatia ganzi, kisha akaingiza sindano ndefu chini ya kile kifupa cha mwisho wa kifua, kuelekea bega la kushoto, polepole, akivuta bomba la sindano njia nzima. Kazi yangu ilikuwa moja: kushika mshipa na kusema. Mpishi mlangoni alikuwa amemkumbatia mbuzi.

Bomba likaanza kujaa maji ya njano, ya rangi ya togwa iliyochujwa. Bomba moja, likamwagwa bakulini, likafuata la pili. Yote hayakuzidi kikombe cha kahawa, na nikahisi kitu chini ya vidole vyangu kinanyanyuka. Mshipa ulijaa. Sijawahi kushika kitu kilichonifurahisha vile, hata watoto wangu walipozaliwa niliambiwa nisubiri nje.

"Mama," nikasema, "vuta pumzi. Kubwa."

Akavuta. Kifua kikapanda mpaka juu, na mshipa ukabaki palepale, ukipiga.

"Upo?" akauliza bwana daktari.

"Upo, bwana. Akivuta upo!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba mbuzi alijibu. Bwana daktari alitoa maji zaidi, bakuli likafika nusu, lakini alisema kile kikombe cha kwanza ndicho kilichofanya kazi, kwa kuwa mfuko ulikuwa umefikia mwisho wa kuvutika, na hapo kinachobana ni tone la mwisho na kinachofungua ni tone la kwanza. Zebaki ikapanda. Mishipa ya shingo ikalala. Alisikiliza kwa tarumbeta yake, akacheka peke yake. "Jirani amehamia hapa," akasema. Kisha akamtazama mbuzi, akamtazama mpishi, akanitazama mimi. Nikamweleza yote, la pumzi, la adabu, la sikio. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Katika vitabu vyetu," akasema, "hakuna palipoandikwa: kwanza, toa mbuzi." Akaosha mikono. "Basi leo mimi ninakula maharage."

Alituambia pia ukweli, kwamba maji yanaweza kurudi, na kwamba hajui kwa hakika ni ugonjwa gani uliyaleta. Yalirudi kweli, machache, yakakauka yenyewe kabla ya mvua. Mama alirudi nyumbani kwa miguu yake akimburuta yule mbuzi, ambaye hakukubali mtu mwingine amguse.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile watu walipotawanyika, nilibaki nimekaa kando ya kigoda nikipima kila mara kuliko nilivyoagizwa. Mke wangu alikuwa amesinzia ukutani kwa uchovu. Rangi ilikuwa imemrudia mama midomoni. Alipumua bila haraka, akiifurahia hewa kama chakula, na nikagundua kwamba bado nilikuwa nimegeuza shingo.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa kituo, paji la uso mpaka kidevu, kama anayekagua ndama sokoni. Nami nikamwona: macho ya mke wangu yaleyale, yamezeeka kidogo.

"Kumbe una ndui," akasema. "Makovu uso mzima! Huyu mtoto hakuniambia. Miaka yote hii najinyima kumtazama mkwe, nikidhani nimeoza kwa kijana mzuri."

Mke wangu kule ukutani, aliyekuwa amejifanya amelala, alianza kutikisika mabega. Mama naye akacheka, kicheko kirefu cha kuvuta pumzi mpaka mwisho, na vidole vyangu vilikuwa bado juu ya mkono wake. Mshipa haukukosa hata pigo moja. Nikajaribu kumjibu kitu cha kumchekesha zaidi, nikakuta nalia.